Bibi aliposema "huyu sio mume wangu": nilivyojifunza kupima sura kabla na baada

Kazi yangu ni kurekebisha picha za zamani hapa Tanga, zile zilizopasuka, zilizoingia maji, zilizoliwa na mende, watu wananiletea nawasafishia alafu naprinti wanaweka kwenye fremu. Nataka nieleze kazi moja ya mwaka 2019 maana ndo iliyonifundisha kukagua sura kwa utaratibu, kabla ya hapo nilikua nakagua kwa macho tu, naangalia picha ikishakaa vizuri nasema imetoka.

Alikuja mama mmoja na picha ya marehemu baba yake. Picha ya studio, nyeusi na nyeupe, saizi ya postikadi, nyuma imeandikwa kwa kalamu ya wino 1974. Ilikua imekunjwa miaka mingi ndani ya msahafu na pale kwenye kunjo rangi ilibanduka ikabaki karatasi nyeupe. Bahati mbaya kunjo lenyewe lilianzia kwenye paji la uso upande wa kushoto wa picha, likashuka likapita juu ya jicho, likakata shavu, likaishia kwenye pembe ya mdomo. Upana wake kama milimita moja hivi. Unaweza kuona milimita moja ni kitu kidogo, ila uso wote kwenye ile picha ulikua na urefu wa sentimita tatu, kwahiyo milimita moja hapo ni kama kumpitishia mtu halisi mstari mnene kama penseli juu ya jicho mpaka mdomoni.

Nikaiskani kwa dpi 1200, yaani nukta 1,200 kwa kila inchi. Ukipiga hesabu, uso wa sentimita tatu unakupa pikseli kama 1,400 kwenda juu, na ule mpasuko ni pikseli 47 hivi. Nikafanya kazi siku mbili. Jicho lililokatwa nililiona limeharibika sana, nikafanya kitu ambacho mafundi wengi wanafanya, nikachukua lile jicho zima la upande wa pili nikaligeuza kama kwenye kioo nikalibandika pale. Mdomo nikauunga kwa kuufuata mstari wake. Nikasafisha madoa yote ya ukungu usoni. Ikatoka picha safi mno, mwenyewe niliipenda.

Yule mama akaja kuchukua, safari hii kaja na mama yake, yaani mjane wa marehemu, mtu mzima sana anatembea ameshikwa mkono. Nikamwambia shikamoo bibi, akajibu marahaba mwanangu, akakaa. Nikampa picha. Akaisogeza karibu na uso, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Alafu akamuuliza mwanae, "Huyu nani?" Mwanae akamwambia si baba huyu mama. Bibi akapitisha kidole gumba kwenye pembe ya mdomo wa ile picha, pole pole, akasema, "Huyu sio mume wangu. Wafanana tu."

Hakusema kwa hasira. Akaniambia mume wangu alikua hacheki kwenye picha, na jicho lake hili lilikua limelala tangu ananioa.

Nilirudisha hela ya awali nikaomba nibaki na picha wiki moja. Usiku ule ndo nilifungua faili la skani na faili la kazi yangu kwa pamoja kwa mara ya kwanza, kutafuta bibi kaona nini ambacho mimi sikukiona siku mbili nzima.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuziweka pembeni kwa pembeni. Kushoto kabla, kulia baada. Na kwa kweli sikuona kitu. Niliona moja chafu na moja safi, basi. Sababu yake nimekuja kuielewa baadae, macho yanaporuka kutoka picha moja kwenda nyingine ubongo unabeba maana tu, unabeba "mzee, kanzu, kofia", haubebi vipimo. Tena ile ya kabla imepauka na ile ya baada ina weusi mzito, kwahiyo jicho linashughulika na tofauti ya mwanga, umbo linapita bila kuonwa.

Nikasema basi nizipandanishe. Nafanyia GIMP mimi, programu ya kurekebisha picha kwenye kompyuta, kwahiyo nikafungua ya kabla, ya baada nikaiingiza kama leya, yaani tabaka, juu yake kwa Open as Layers, nikashusha Opacity mpaka 50 ili ya chini ionekane kupitia ya juu. Hapo hazikukutana kabisa. Kofia mbili, kola mbili. Nikakumbuka kwamba mwanzoni kabisa wa kazi nilikua nimeikata kingo picha na kuinyoosha maana iliskaniwa imelala kidogo. Kosa la kwanza hilo. Kama ningeacha skani ilivyo, nikafanya kazi yote kwenye leya juu yake bila kukata wala kuzungusha chochote, basi kila pikseli ingekua imekaa juu ya mwenzake na nisingehitaji kulinganisha mkao hata kidogo. Siku hizi leya ya chini kabisa ni skani yenyewe, imefungwa kufuli, na kukata kingo na kunyoosha nafanya mwisho kabisa kwenye nakala ya kuprinti.

Ila siku ile ilishaharibika ikabidi nizilinganishe kwa mkono. Na hapa nikafanya kosa la pili ambalo naona watu wengi wanalifanya. Nilizilinganisha kwenye macho. Inakuja yenyewe hiyo, ukiambiwa pandanisha sura mbili unaanza na macho. Nikavuta mpaka mboni zikakaa juu ya mboni, nikaangalia, nikaona macho yako sawa kabisa, ila kola imeachana kidogo, kidevu kimeachana kidogo, nikawaza labda ni ile kunyoosha. Kumbe nilikua najidanganya, maana jicho moja kati ya yale mawili nililitengeneza mimi! Unapolinganisha kwa kutumia sehemu uliyoigusa, kosa lako linatoweka pale na linajimwaga sehemu zingine za picha ambazo hazina hatia. Unabaki unamshuku kola.

Nikaanza upya. Nikatafuta sehemu ambazo najua kwa hakika sikuzigusa: kifungo cha juu cha kanzu, ncha ya sikio la upande wa kulia wa picha, na mshono mmoja kwenye kofia. Vitu vitatu, vimekaa mbalimbali, na sio vyote kwenye mstari mmoja, maana vikiwa kwenye mstari mmoja picha inaweza kua imepinda upande mmoja usijue. Nikazungusha na kusogeza tu. Kuvuta saizi nilijikataza, na kama ingenilazimu ningevuta urefu na upana kwa kiasi kile kile, maana ukiruhusu kimoja kivutike peke yake unaweza kumnenepesha mtu mpaka akakubaliana na makosa yako.

Vitu vitatu vilipokaa sawasawa, nikarudi usoni. Kwa Opacity 50 bado picha ilikua tamu. Hii ni tabia ya uwazi wa nusu ambayo inabidi uijue, unachanganya picha mbili wastani, kwahiyo mdomo uliosogea kidogo hauonekani umesogea, unaonekana laini tu, kama umetoka fokasi kidogo. Na sura laini tunaipenda. Uwazi wa nusu unafaa kwa kulinganisha mkao pale mwanzo, kwa kukagua sura haufai.

Kilichonifungua macho ni kupepesa. Unarudisha Opacity 100, alafu unabonyeza kile kijicho cha leya, inawaka, inazima, inawaka, inazima, macho yako yameganda sehemu moja tu. Kitu kisichobadilika kinatulia. Kilichosogea kinaruka. Hii sio mbinu mpya hata kidogo, Clyde Tombaugh aliigundua Pluto mwaka 1930 kwa njia hiyo hiyo, alikua na sahani mbili za picha za nyota zilizopigwa siku tofauti, mashine inamuonyesha moja alafu nyingine kwa kupokezana, nyota zote zimetulia kanukta kamoja kanaruka. Macho ya binadamu kwenye kupima umbali ni dhaifu ila kitu kinachotikisika hakiwapiti.

Nilipopepesa, mdomo wa mzee ukaruka. Pembe ya mdomo ilipanda juu, ikashuka, ikapanda. Nilikua nimemchekesha marehemu. Nikapima, pikseli 20. Kwenye ile picha yenyewe hiyo haifiki hata nusu milimita, ila kwenye uso wa mtu aliye hai ingekua kama milimita mbili na nusu, na pembe ya mdomo ikipanda milimita mbili na nusu huyo mtu anatabasamu. Ilitokeaje? Nilipouunga mdomo nilifuata mstari wa katikati nikaunyoosha, kumbe ya kwake ilikua inashuka mwishoni. Na cha kuniuma zaidi, ncha yenyewe ya mdomo ilikuwepo kwenye skani! Mpasuko ulipita kabla ya ncha, ncha ikabaki upande wa pili wa mpasuko kama kivuli kidogo, mimi nikadhani ni uchafu nikafuta.

Nikahamia kwenye jicho. Likaruka vibaya kuliko mdomo. Kope ya juu kwenye skani ilikua chini kwa pikseli 14 ukilinganisha na niliyobandika. Lile jicho la kulala alilosema bibi. Kuna kingine pia nilikiona pale nikasikia aibu, ile nukta nyeupe ya taa ndani ya mboni. Studio ile taa ilikua kushoto juu, kwahiyo kwenye macho yote mawili nukta inatakiwa ikae kushoto juu ya mboni. Kwenye jicho nililoligeuza ilikua kulia juu. Jicho moja linatazama taa hii, jingine linatazama taa ambayo haipo. Mtu wa kawaida hawezi kukuambia kasoro ni nukta, atakuambia tu huyu mtu haniangalii vizuri. Mpaka leo nikipokea picha iliyorekebishwa na mtu mwingine, kitu cha kwanza nazuumu macho natafuta nukta za taa, zikipingana najua jicho moja limekopwa.

Sasa kupepesa kunakuambia kuna kitu kimesogea, ila unaweza usipepese kila sehemu, unachoka, unaruka shavu. Kwahiyo baada ya hapo nikaweka leya ya juu kwenye mode ya Difference. Hii inatoa picha moja kwenye nyingine, palipo sawa panakua peusi ti, palipo tofauti panang'aa. Nikaibonyeza nikitegemea kuona jicho na mdomo vinawaka. Uso mzima ukawaka. Kijivu kila mahali, kama mtu kamwagiwa majivu.

Sababu ni kwamba nilikua nimeongeza kontrasti kwa Levels, ile zana ya kupanga weusi na weupe wa picha, na Difference haijui umbo, inajua mwanga tu, ukibadili mwanga inasema kila kitu kimebadilika. Dawa yake ni kuchukua nakala ya skani na kuipigia Levels zile zile kwa namba zile zile, alafu ndo unalinganisha. Nilikua sikuziandika namba ikabidi nibahatishe mpaka zikakaribiana. Siku hizi Levels na mwanga wote nafanya mwisho, umbo kwanza, kwahiyo tatizo hilo halipo.

Likatokea lingine la upande wa pili. Mwanga ulipokua sawa picha ikawa nyeusi mno hata mdomo siuoni, maana tofauti ya kijivu kidogo ni weusi mbele ya macho. Hapo unaunganisha leya mbili kuwa moja kwa New from Visible, alafu kwenye Levels ya hiyo leya unavuta kile kipini cheupe kutoka 255 mpaka kama 30. Ukifanya hivo kila kilichofichika kinajitokeza. Kwa wale wanaotumia ImageMagick, programu ya picha ya kuandikia amri kwenye kompyuta, unapata kitu kile kile kwa mstari mmoja, mafaili yawe na saizi moja:

```
magick kabla.png baada.png -compose difference -composite -level 0%,12% tofauti.png
```

Na ukitaka ya kupepesa yenyewe bila kubonyeza, kila picha nusu sekunde:

```
magick -delay 50 -loop 0 kabla.png baada.png pepesa.gif
```

Hiyo ya pili naipenda kwa sababu mteja mwenyewe unaweza kumuonyesha. Ila angalizo, usilinganishe mafaili yaliyopita WhatsApp kama picha, yanabanwa, na ukiyatia Difference utaona vimiraba miraba picha nzima, utahangaika kutafuta kosa ambalo ni la mbano. Tumia PNG au TIFF, na kama lazima ipite WhatsApp itumwe kama document.

Kuisoma ile picha ya tofauti nako kuna ufundi wake. Ukiona mistari miembamba inang'aa kwenye kingo za kila kitu, kola, sikio, kofia, kidevu, vyote, hapo hujakosea sura, ni mkao haujakaa, rudi kwenye vile vitu vitatu vya kulinganishia. Ukiona kola nyeusi, sikio jeusi, alafu kwenye mdomo tu kuna mistari miwili sambamba kama reli, hapo ndo mdomo umehama, mstari mmoja ni ulipokua na mwingine ni ulipo. Na ukiona doa la mviringo limejaa, halina reli, hapo kuna kitu kimefutwa au kimeongezwa. Mimi niliona reli mdomoni, niliona jicho zima limewaka, na nikaona doa moja dogo pembeni ya pua ambalo sikulitegemea.

Lile doa nililifuta nikidhani ukungu. Picha ilikua na madoa ya ukungu kama thelathini, hili lilikua la 31 kwangu. Sasa je ni ukungu au ni baka la mzee? Hapo kupandanisha hakuwezi kukujibu. Kupandanisha kunakuambia ulifuta kitu, hakukuambii kitu chenyewe ni nini. Nikampigia yule mama nikamuuliza kama kuna picha nyingine yoyote ya baba. Akaniletea moja ya watu sita wamesimama nje ya nyumba, uso wa mzee kama milimita sita tu, nikauskani kwa dpi 1200 nikapata pikseli 280 na ushee.

Hii ya pili usijaribu kuipandanisha na ya kwanza, nilijaribu nikapoteza saa nzima. Kapigwa amegeuka kidogo, kamera iko mbali, lenzi nyingine, na umbali wa kamera peke yake unabadilisha uwiano wa pua na masikio, ukisogea karibu pua inakua kubwa masikio yanajificha, ukienda mbali yanarudi. Vipimo vya picha mbili tofauti za mtu mmoja havikutani hata akiwa ndo yeye. Kupandanisha ni kwa ajili ya picha ile ile kabla na baada. Kwa picha tofauti unarudi kwenye pembeni kwa pembeni, na sasa ndo ina kazi, ila unalinganisha umbo la kitu kimoja kimoja, hauangalii sura. Nilichukua karatasi nikakata dirisha dogo, naliweka kwenye skrini naona sikio tu. Alafu kope tu. Alafu pua tu. Ukifunika sura nzima ubongo unaacha kusema "ndo yeye" na unaanza kuangalia.

Na nikashtuka, maana kwenye ile picha ya kikundi baka lipo ila upande wa pili wa pua. Na jicho la kulala ni la upande wa pili! Nikakaa nalo mpaka usiku. Nilishaanza kujiambia bibi kasahau, labda kile kilikua kivuli. Alafu nikaona mfuko wa shati la mmoja wao. Uko kifuani upande wa kulia wake. Mwingine naye hivo hivo, na vifungo vyao vimepanda upande ambao mashati ya kiume hayapandi. Kumbe picha ya kikundi yote iliprintiwa kutoka kwenye negativu iliyogeuzwa. Nikaigeuza kama kwenye kioo, baka likahamia mahali pake pembeni ya pua, jicho likalala upande wake, kila kitu kikakubaliana na picha ya studio na maneno ya bibi. Tangu hapo picha ya ushahidi kabla sijaiamini natafuta mfuko, saa ya mkononi, vifungo, au maandishi yoyote ukutani.

Rafiki yangu mmoja anayechora alinishauri siku zile nizigeuze picha zote mbili kichwa chini miguu juu ndo nitaona makosa, wachoraji wanafanya hivo. Kwa nyumba au meza sawa. Kwa sura ya mtu usifanye. Kuna jambo lilionyeshwa mwaka 1980 na Peter Thompson wa chuo kikuu cha York Uingereza, alichukua picha ya uso akageuza macho na mdomo peke yake juu chini, uso ukiwa umesimama unatisha, ukiupindua kichwa chini unaonekana wa kawaida kabisa. Yaani sura ikipinduliwa ndo tunaacha kuona kasoro za macho na mdomo, zile zile tunazozitafuta. Kugeuza kushoto kulia, zote mbili kwa pamoja, inasaidia kidogo maana unaiona upya. Kupindua inakufumba macho.

Basi nikaanza kazi upya kutoka kwenye skani, safari hii kwa namna ambayo ndo naifata mpaka leo. Kabla ya kurekebisha chochote nikatengeneza leya moja tupu nikapaka rangi nyekundu kila mahali ambapo karatasi imebaki nyeupe, pale tu ambapo taarifa imepotea kabisa, nikazuumu mpaka 400% nikafata kingo za mpasuko. Nilipomaliza nikashangaa jinsi nyekundu ilivyokua ndogo. Jicho ambalo nililibadilisha zima, kumbe kona ya ndani ipo, nusu ya mboni ipo na nukta yake ya taa ipo, kope ya juu ipo kabla ya mpasuko na ipo baada yake, imekatika katikati tu. Nilikua nimefuta robo tatu ya jicho zima la marehemu ili niokoe robo iliyokatika.

Baada ya hapo nikafanya kazi ndani ya nyekundu peke yake. Kope nikaiunga kutoka ncha moja kwenda nyingine, na kwa kua ncha zote mbili zipo hakuna cha kubahatisha, ikalala yenyewe. Mdomo nikauacha ushuke kwenye ile ncha niliyokua nimeiita uchafu. Baka nikaliacha. Ukungu wa mashavuni nikautoa doa moja moja, na kila doa nililolitoa nikalipaka njano kwenye leya nyingine ili baadae nijue hili nililigusa kwa makusudi.

Kukagua kukawa rahisi mno. Difference, vuta kipini mpaka 30, alafu washa leya ya nyekundu na njano juu yake. Kila kinachong'aa kinatakiwa kiwe chini ya nyekundu au njano. Nje ya rangi hizo pawe peusi. Nilikuta sehemu mbili zinang'aa nje, moja chini ya kidevu ambapo brashi ya kuponya ilivuka, na moja kwenye nyusi kama pikseli 8 hivi. Nyusi nikairudisha kutoka kwenye skani. Na ndani ya nyekundu ambako hakuna cha kulinganisha, maana asili haipo, hapo nilikaa na ile picha ya kikundi pembeni na dirisha langu la karatasi, na sehemu ya shavu ambayo hata ile haikunisaidia nikaiacha laini bila kubuni mikunjo.

Nikaprinti kubwa, mara tatu na ushee ya asili. Kabla sijawaita nikaprinti na nyingine ndogo ya saizi ile ile ya postikadi, nikaiweka na ya asili mezani karibu na dirisha, nikafunika na karatasi nyeupe yenye matundu mawili yaliyolingana, nikashuka nayo kutoka kofia mpaka kola kidogo kidogo. Skrini inawaka yenyewe, karatasi haiwaki, na weusi wa kwenye pembe za macho ukizidi kwenye printi jicho linaonekana limeingia ndani hata kama umbo halijasogea. Ilibidi ninyanyue vivuli kidogo niprinti tena.

Walikuja jumamosi asubuhi. Bibi nikampa ile ndogo kwanza, sijui kwanini, nilihisi kubwa ingemchosha mikono. Akaishika kama alivyoishika ya mwanzo, karibu, mbali, karibu. Kidole gumba kikaenda pale pale kwenye pembe ya mdomo kikatulia. Hakusema kitu muda mrefu. Alafu akamwambia mwanae amtafutie miwani, na miwani ilipokuja akaniuliza, "Hili baka ulilionaje, mbona hata kwenye ya zamani lilikua halionekani?"

Nikamwambia lilikuwepo bibi, mimi ndo nilikua nimelifuta.